Vijiko Vitatu vya Uji: Barua ya Muuguzi kwa Ndugu wa Mgonjwa

Katika wodi za upasuaji za hospitali nyingi za Tanzania, ambako chakula cha mgonjwa hupikwa nyumbani na kuletwa na ndugu saa za kuona wagonjwa, bakuli linalorudi likiwa bado limejaa husomwa kama habari mbaya, kwa kuwa katika mila za jamii nyingi mgonjwa anayekula ni mgonjwa anayepona, na yule anayesukuma kijiko pembeni huhesabiwa kuwa amekata tamaa au anaficha jambo. Kwa magonjwa mengi dhana hiyo haina madhara makubwa. Kwa mtu aliyepasuliwa tumbo, hata hivyo, inaweza kuwasukuma watu wanaompenda kumdhuru, kwa sababu kula kidogo katika siku za mwanzo ni sehemu ya kupona kwenyewe, na tofauti kati ya kula kidogo kulikotarajiwa na kula kidogo kunakoashiria hatari haionekani kwa kutazama bakuli peke yake.

Barua inayoelezwa hapa iliandikwa na muuguzi wa wodi ya upasuaji ya wanaume katika hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini, baada ya kosa ambalo sehemu yake lilikuwa la muuguzi huyo mwenyewe. Mgonjwa alikuwa mkulima wa mahindi mwenye umri wa miaka 61, aliyefikishwa hospitalini tumbo likiwa limevimba, akiwa amekaa siku 2 bila kupata choo wala kutoa upepo. Ugonjwa wake ulikuwa ule wa utumbo mpana kujisokota, ambapo kitanzi cha utumbo huo upande wa kushoto, chini ya tumbo, huzunguka kwenye shina lake kama kamba inayosokotwa, kikaziba njia ya choo na kubana mishipa inayokipelekea damu. Alipopasuliwa usiku uleule, kitanzi kilikutwa kimejaa hewa na kuvimba lakini bado kiko hai. Daktari akakikata, kisha akaziunganisha ncha mbili zilizobaki kwa nyuzi na kuufunga ukuta wa tumbo.

Asubuhi iliyofuata ndugu waliambiwa neno moja tu, kwamba mzee asile kitu mpaka atoe upepo, na katika pilikapilika za wodi yenye wagonjwa wengi na wauguzi wachache hakuna aliyewaeleza sababu. Siku ya 3 upepo ulitoka, mpira uliokuwa umepitishwa puani hadi tumboni ukaondolewa, na mgonjwa akaruhusiwa maji kidogo kidogo na baadaye uji mwepesi. Siku ya 4 alikula vijiko vitatu vya uji, akafumba mdomo na kugeuzia uso ukutani. Ndugu walihesabu siku kwa namna yao, wakaona kwamba tangu kuugua mtu wao amekaa wiki nzima bila chakula cha maana, na kwa kuwa sharti walilopewa, yaani upepo, lilikwisha kutimia, jioni ya siku ya 5 wakaleta ugali na maharage. Mzee alikula, si kwa njaa bali kwa heshima ya kaka yake aliyesafiri kutoka kijijini na aliyekuwa amekaa kitandani pake akimmegea matonge. Kabla ya alfajiri tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma, akaanza kutapika maji ya kijani, mpira ukarudishwa puani, na ndani ya saa chache kifuko chake kikakusanya zaidi ya lita moja.

Ndugu hawakuvunja agizo lolote. Walilitii neno kwa neno, na hapo ndipo muuguzi alipoona kwamba agizo lisilo na sababu humwacha msikilizaji bila uwezo wa kupima hali mpya inapojitokeza. Mtu aliyeambiwa "mpaka atoe upepo" hana namna ya kujua kwamba upepo ni mlango wa kuanza polepole, wala si ruhusa ya kurudi kwenye sahani ya kawaida. Kwa kuwa ndugu walipokezana, na kila aliyefika alikuja na swali lilelile, maelezo ya mdomo yasingetosha. Yakaandikwa kwenye karatasi mbili za daftari, yakaelekezwa kwa mke wa mgonjwa na binti yake mkubwa, yakiwa na ombi kwamba yasomwe kwa sauti nyumbani ili hata wasioweza kufika wasikie. Barua ilianza kwa "Shikamoo Mama", ikawapa pole kwa kuuguza, ikakiri kwamba maelezo hayo yalistahili kutolewa siku ya kwanza, kisha ikaingia moja kwa moja kwenye jambo.

Jambo la kwanza lilikuwa kwamba utumbo ni msuli. Ukuta wake hubana na kulegea kwa mpangilio, mawimbi yakifuatana kutoka juu kwenda chini, na mawimbi hayo ndiyo yanayosukuma chakula. Chakula hakishuki kwa uzito wake. Utumbo unaposhikwa kwa mikono wakati wa upasuaji, hata kwa uangalifu mkubwa, ukuta wake huvimba kidogo kwa ndani, na mishipa ya fahamu hutuma amri ya kusimamisha kazi, jinsi mtu aliyeumia mguu anavyoacha kuukanyagia. Dawa kali za maumivu za jamii ya morfini, ambazo mgonjwa huyu alizihitaji ili aweze kupumua vizuri na kukohoa, nazo hupunguza mawimbi hayo, na madini ya potasiamu yakipungua mwilini, kama yanavyopungua kwa mtu anayetapika, msuli wa utumbo hukosa nguvu ya kubana. Hali hii ya utumbo kulala baada ya upasuaji si ugonjwa mpya. Humpata karibu kila aliyepasuliwa tumbo, isipokuwa urefu wake hutofautiana.

Sehemu za njia ya chakula, zaidi ya hayo, haziamki pamoja. Utumbo mwembamba huanza kazi ndani ya siku moja hivi, mfuko wa tumbo huchukua siku moja au mbili, na utumbo mpana huwa wa mwisho, mara nyingi siku ya 3, na kwa mtu ambaye utumbo wake ulikuwa umeziba na kuvimba kabla ya upasuaji, huweza kuchelewa zaidi ya hapo. Kwa familia ya wakulima barua ilitumia mfano wa mfereji wa kumwagilia, ambao mwenye shamba la juu akiufungulia maji mengi ilhali huko chini bado haujazibuliwa, maji hayaendi mbele bali hufurika na kubomoa kingo. Ugali na maharage vilikuwa maji mengi kwa mfereji uliokuwa ndiyo kwanza umeanza kupitisha, na maharage kwa tabia yake huongeza hewa mahali ambapo hewa iliyopo haijapata pa kutokea.

Swali lililomsumbua zaidi mke wa mgonjwa lilikuwa jingine, nalo lilistahili jibu la uangalifu: mtu ambaye hajala chochote anatapika nini? Jibu ni kwamba mwili wenyewe humwaga majimaji mengi kwenye njia ya chakula kila siku, yakiwamo mate, maji makali ya tumboni, nyongo na maji ya kongosho, ambayo kwa mtu mzima pamoja na anachokunywa hufikia takribani lita 8 kwa saa 24. Utumbo ukiwa mzima karibu yote hufyonzwa na kurudi kwenye damu bila mtu kujua. Utumbo ukilala, majimaji hayo hujikusanya, hupanda tumboni, na yakipata rangi ya nyongo hutoka ya kijani. Kazi ya mpira wa puani ni kuyatoa kabla mgonjwa hajayatapika, maana matapishi yakiingia kwenye mapafu ya mtu aliyelala chali, dhaifu na mwenye dawa za usingizi, yanaweza kumuua kabla kidonda cha tumbo hakijapona. Baada ya kuelezwa hayo, mpira ule ambao ndugu waliuona kama adhabu, na ambao kaka yake alikwisha kuomba utolewe, haukulalamikiwa tena.

Ilibidi pia barua iondoe faraja moja isiyo ya kweli, ambayo wauguzi wenyewe huieneza wanapotaka kuwatuliza ndugu, kwamba dripu ni chakula. Chupa ya lita moja ya maji ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, ambazo hutoa nguvu isiyozidi kilokalori 200, wakati mtu mwenye kilo 60 huhitaji kwa siku takribani kilokalori 1500 hadi 1800. Na katika chupa hiyo hamna protini hata chembe, nayo protini ndiyo inayojenga upya nyama na kuunga mshono. Dripu hulinda maji na chumvi za mwili. Mgonjwa anayeishi kwa dripu peke yake anakula misuli yake mwenyewe, na ndiyo maana mashavu ya mzee yalikuwa yamebonyea na mapaja yake kupungua. Hofu ya ndugu kwamba anadhoofika ilikuwa ya haki kabisa, na kuwaambia kwamba dripu inatosha kungekuwa kuwadanganya. Walichokosea ni ukubwa na uzito wa chakula cha kuanzia.

Kukosa hamu kwenyewe kulihitaji maelezo tofauti na kulala kwa utumbo, maana hata mawimbi yanaporudi mgonjwa huweza kuendelea kuchukia chakula kwa siku kadhaa. Mwili uliojeruhiwa kwa kisu hutoa kwenye damu kemikali za kupambana na jeraha, na kemikali hizo zinapofika kwenye ubongo hupunguza hamu ya kula, sawasawa na inavyokuwa kwa mtu mwenye homa kali. Mfuko wa tumbo ambao haumwagi upesi hujaa kwa vijiko vichache, hivyo mgonjwa anaposema ameshiba hasemi uongo wala hadeki. Kuna pia sababu ambazo haziandikwi kwenye faili. Mzee huyu alikuwa akichomwa metronidazoli, dawa ya kuua vijidudu ambayo huacha mdomoni ladha ya chuma, na alipoulizwa kwa utulivu bila ndugu kuwapo alisema uji una ladha ya sufuria iliyoungua. Ulimi wake ulikuwa mkavu wenye utando mweupe. Zaidi ya hayo, aliona aibu kujisaidia kwenye beseni huku pazia likiwa halifungi vizuri, akiwa amezungukwa na vijana wa umri wa watoto wake, na mtu anayeogopa choo hujinyima chakula. Mambo hayo matatu yalipatiwa ufumbuzi kwa kusafisha kinywa asubuhi na kabla ya kila mlo, kubadili uji wa moto kuwa wa vuguvugu wenye maji ya limao kidogo, na kumsaidia atembee hadi chooni akishikwa mkono. Na huenda matembezi hayo, ambayo pia husaidia mwili kuamka, yalifanya kazi kubwa kuliko maneno yote ya barua.

Ni haki kueleza hapa kwamba desturi ya kumzuia kila mgonjwa asile hadi atoe upepo imepingwa sana. Kuanzia miaka ya 1990 daktari wa upasuaji wa Denmaki, Henrik Kehlet, na wenzake walionyesha kwamba mgonjwa anayeandaliwa vizuri, anayepunguziwa dawa za jamii ya morfini, anayetembezwa mapema na kupewa kinywaji na chakula mapema, hupona upesi zaidi, na leo miongozo mingi ya lishe ya wagonjwa wa upasuaji inaruhusu wengi wao kunywa na kula ndani ya saa chache au siku ya kwanza. Wodi nyingi bado huwanyima wagonjwa chakula kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, na hilo ni kosa linalopaswa kusahihishwa. Lakini mgonjwa wa dharura, ambaye utumbo wake ulikuwa umeziba kwa siku 2 na kujaa hewa, hayumo moja kwa moja katika kundi lile la walioandaliwa. Kwake kanuni ni kuanza mapema kadiri tumbo linavyokubali, kwa kipimo kidogo, na kurudi nyuma mara tumbo linapokataa. Kuanza mapema na kuanza kwa wingi ni mambo mawili tofauti.

Kwa hiyo barua iliwaomba ndugu waache kuuliza kama mzee amekula, badala yake waulize amekula vijiko vingapi, mara ngapi, na tumbo lilijibu nini. Baada ya mpira kutolewa mara ya pili, siku ya 8, ratiba ilikuwa robo kikombe mara 6 kwa siku, yaani vijiko vinne au vitano vikubwa kila baada ya saa mbili au tatu za mchana. Uji usiongezwe ujazo bali uongezwe nguvu: upikwe kwa maziwa badala ya maji, ukorogewe yai ukiwa bado jikoni hadi yai liive, na baada ya siku mbili utiwe karanga zilizosagwa laini. Yai moja lina takribani gramu 6 za protini, na mgonjwa wa uzito wake hutakiwa kufikia gramu 70 au zaidi kwa siku. Hakuna aliyetarajia azifikie wiki hiyo, bali kila kijiko kibebe kitu cha kujengea. Polepole hiyo ilikuwa na sababu nyingine, isiyojulikana sana hata miongoni mwa watumishi, kwamba mtu aliyekaa siku nyingi bila kula akilishwa ghafla kwa wingi, mwili hukimbilia kutumia sukari na kufyonza kutoka kwenye damu madini ya fosfati, potasiamu na magnesiamu, hata moyo na misuli ya kupumulia ikaweza kushindwa. Daktari alimpa kwanza vitamini B1 na kupima potasiamu kabla ya kuruhusu kiwango kuongezwa.

Sehemu ambayo muuguzi aliiandika mara mbili ili isieleweke vibaya ilihusu hatari, kwa kuwa kuwaambia ndugu kwamba kula kidogo ni kawaida kunaweza kuwafumba macho pale kusipokuwa kawaida. Mahali utumbo ulipounganishwa panaweza kuachia, na hilo likitokea mara nyingi huonekana ndani ya wiki ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili. Dalili yake kwa upande wa chakula ni mwelekeo, si kiasi: mgonjwa aliyekuwa akipanda kutoka vijiko vitatu hadi vinane, kisha akarudi kwenye viwili bila sababu, anahitaji kuonwa na daktari siku hiyohiyo, hasa kama maumivu yameongezeka badala ya kupungua, tumbo limekuwa gumu, kuna homa, au moyo unapiga zaidi ya mara 100 kwa dakika mtu akiwa amelala. Usiku ule wa ugali daktari alitafuta dalili hizo moja baada ya nyingine. Mapigo yalikuwa 88, homa haikuwapo, na baada ya mpira kutoa maji yale tumbo lililegea na kubonyezeka bila maumivu makali. Ndipo ilipobainika kwamba mshono ulikuwa salama na kwamba tatizo lilikuwa utumbo uliozidiwa. Kama mapigo yangekuwa 120 na tumbo limebaki gumu kama ubao, mgonjwa huyo angerudishwa chumba cha upasuaji.

Binti mkubwa alinunua daftari dogo na kulifungia kwa uzi kwenye chuma cha kitanda. Humo, kwa mwandiko wa ndugu mbalimbali, kuliandikwa saa, idadi ya vijiko, na neno moja la mwisho: "katulia", "kacheua", "tumbo limejaa", "upepo". Siku ya 9 vilikuwa vijiko 21 kwa jumla, siku ya 10 vikawa 30, na siku ya 11 palikuwa na mstari uliopigwa chini mara mbili ukisema kwamba ameomba chumvi. Muuguzi aliyekuwa zamu aliusoma mstari huo kabla ya kutazama faili, maana mgonjwa anayelalamikia ladha ya chakula ameanza tena kukitaka. Kaka yake, yule aliyemmegea matonge, ndiye aliyeandika safu nyingi kuliko wote.

Mzee aliruhusiwa siku ya 14 akiwa na kilo 52, kutoka 58 za siku aliyolazwa, huku ndugu wakiwa wameelezwa kwamba uzito huo hurudi kwa miezi na si kwa wiki, na kwamba kushiba upesi kungeendelea kwa muda nyumbani. Alipokuja kliniki baada ya wiki 6 alikuwa anakula ugali laini nusu sahani, mara 4 kwa siku, na kwenye mizani alikuwa na kilo 54. Daftari alikuja nalo mkononi, na katikati yake zilikunjwa zile karatasi mbili za barua, zimechakaa kwenye mikunjo kwa kusomwa na watu wengi. Ndugu yeyote anayebeba bakuli kwenda wodini kumwona mtu aliyepasuliwa tumbo, kabla hajafungua kifuniko, na amuulize muuguzi wa zamu: leo ni vijiko vingapi?